Kilele cha bapani au kilele halisi: namba ipi uiamini unapopima mkazo wa kukata?

Tangi lilikuwa limelala kwenye miguu yake minne nyuma ya gereji ya matairi ya malori, rangi ya bluu imebabuka, na chini yake doa la maji yenye kutu lisilokauka. Kompresa yake inasukuma hewa hadi baa 10. Mwenye gereji, mzee ambaye kila mtu pale anamwita Baba Mkubwa, alitaka jibu moja tu: "Injinia, linafaa au halifai?"

Kijana niliyekuwa naye, aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, alipitisha kipima unene cha mawimbi ya sauti. Juu ya tangi kilisoma karibu milimita 4, unene wa kiwandani. Chini, pale maji yanapokaa, kilisoma 1.9. Akaketi kwenye tairi kuukuu, akapiga hesabu kwenye daftari, akasema ukuta una usalama wa mara 3.6. Nikachukua daftari nikapiga yangu, nikapata 1.8. Tangi ni lilelile, presha ileile, na hakuna kati yetu aliyekosea kugawanya wala kuzidisha. Tulikuwa tumehesabu vitu viwili tofauti ambavyo vyote huitwa "mkazo wa juu wa kukata". Chake nakiita hapa kilele cha bapani, changu nakiita kilele halisi. Kuna kazi ambapo vilele hivyo vinalingana na unaweza kutumia chochote. Kuna nyingine ambapo kimoja ni nusu ya mwenzake, na ipo moja ambapo kimoja ni sifuri kabisa.

Kiberiti mezani

Chukua kiberiti ukilaze mezani. Uso wake wa juu ndio ngozi ya nje ya tangi. Upande mmoja unavutwa kuzunguka tangi, huo ni mkazo wa mzingo. Upande mwingine unavutwa kufuata urefu wa tangi. Uso wa juu wenyewe uko huru, hauguswi na kitu isipokuwa hewa ya nje.

Sasa kizungushe kiberiti palepale mezani bila kukiinua. Kila unapokigeuza kidogo, pande zake nne za wima zinakutana na mikazo kwa pembe mpya: mkazo wa kuvuta unapungua hapa, wa kukata unaongezeka pale. Ukifika nyuzi 45 toka kwenye mikazo mikuu miwili, ambayo hapa ni ule wa mzingo na ule wa urefu, mkazo wa kukata unafika kileleni. Hicho ndicho kilele cha bapani, na fomula yake kila aliyesoma nguvu za mata anaijua kwa moyo:

```
tau_bapani = sqrt(((sx - sy)/2)^2 + txy^2)
           = (s1 - s2)/2
```

Hapa `sx` na `sy` ni mikazo ya kuvuta ya pande mbili, `txy` ni ule wa kukata, na `s1` na `s2` ni mikazo mikuu miwili. Fomula hii haisemi uongo. Inasema kweli kuhusu kiberiti kisichoinuliwa. Tatizo ni kwamba chuma hakijui meza yako iko wapi. Chuma kinaweza kuteleza kwenye bapa lolote, pamoja na yale yanayokata kimshazari kutoka ngozi ya nje kwenda ngozi ya ndani, na mabapa hayo huwezi kuyapata mpaka uinue kiberiti kwa upande mmoja.

Ukikiinua, unagundua kuna mkazo mkuu wa tatu uliokuwa umeusahau kwa sababu thamani yake ni sifuri. Sifuri nayo ni namba. Inaingia kwenye foleni pamoja na wenzake, na ikiwa ndiyo ndogo kuliko zote, yenyewe ndiyo inayoamua. Kilele halisi ni nusu ya tofauti kati ya mkazo mkuu mkubwa kuliko yote mitatu na mdogo kuliko yote mitatu:

```
tau_halisi = (s_kubwa - s_ndogo)/2
```

Otto Mohr, aliyetuachia duara lake mwaka 1882, anatusaidia kuliona hili kwa macho. Kwa hali ya pande tatu halichorwi duara moja, yanachorwa matatu: mawili madogo yamekaa ubavu kwa ubavu ndani ya moja kubwa, kama chapati mbili ndogo kwenye sinia moja. Nusu kipenyo cha duara kubwa ndicho kilele halisi. Anayehesabu bapani anachora duara moja tu kati ya hayo matatu, halafu anatumaini limeangukia kuwa lile kubwa.

Tangi, kwa namba zake

Kipenyo cha ndani ni milimita 500, kwa hiyo nusu kipenyo ni 250. Presha ya baa 10 ni MPa 1. Ukuta ni mwembamba ukilinganisha na nusu kipenyo, basi fomula za tangi jembamba zinatosha: mkazo wa mzingo ni `p*r/t`, na wa urefu ni nusu yake, `p*r/(2*t)`. Mkazo wa tatu, unaopita kwenye unene, ni sifuri kwenye ngozi ya nje, na kwenye ngozi ya ndani ni presha yenyewe ikisukuma, yaani hasi 1.

Chuma tulikichukulia kuwa cha kawaida, kinachoanza kuvutika bila kurudi kwenye MPa 240 kikivutwa upande mmoja. Kwa kanuni ya Tresca, chuma hicho huanza kuteleza mkazo wa kukata unapofika nusu ya hapo, MPa 120. Usalama ni 120 gawanya kwa kilele ulichokichagua.

| | Ukuta 4 mm | Ukuta 1.9 mm |
|---|---|---|
| Mkazo wa mzingo (MPa) | 62.5 | 131.6 |
| Mkazo wa urefu (MPa) | 31.3 | 65.8 |
| Mkazo wa unene, ndani (MPa) | -1 | -1 |
| Kilele cha bapani (MPa) | 15.6 | 32.9 |
| Kilele halisi (MPa) | 31.8 | 66.3 |
| Usalama ukitumia cha bapani | 7.7 | 3.6 |
| Usalama ukitumia halisi | 3.8 | 1.8 |

Angalia safu ya kulia. Kijana alitoa 65.8 kwenye 131.6, akagawa kwa mbili, akapata 32.9. Duara lake linaanzia 65.8 na kuishia 131.6, limekaa mbali kabisa na sifuri. Duara kubwa linaanzia hasi 1 linaishia 131.6. Tofauti yake na la kijana ni zaidi kidogo ya mara mbili, na hiyo "kidogo" ni ile hasi 1 ya ngozi ya ndani. Kwenye tangi jembamba mchango huo ni mdogo mno kiasi kwamba wengi huuacha, wakatumia sifuri. Si dhambi. Dhambi ni kuiacha sifuri yenyewe.

Hatari ya kosa hili inaonekana ukiligeuza swali: ukuta ukonde hadi wapi ndipo tangi likataliwe? Sisi tulitaka usalama usiopungua 2.5 dhidi ya kuvutika, maana yake kilele kisizidi MPa 48. Kwa hesabu ya bapani ukuta unaruhusiwa kukonda hadi milimita 1.3. Kwa kilele halisi unakoma kwenye 2.6. Katikati ya 1.3 na 2.6 ndipo liliko tangi la Baba Mkubwa, na ndipo namba mbili hizi zinatoa hukumu zinazopingana.

Bapa linaloteleza liko wapi

Kinachotofautiana hapa si ukubwa wa namba tu, bali pia sehemu ambapo chuma kinateleza. Kilele cha bapani kinadai bapa la hatari linazunguka tangi kama uzi wa skrubu, kwa nyuzi 45 na urefu wake, na linakata ukuta wima. Kilele halisi kinasema bapa linakwenda sambamba na urefu wa tangi, lakini limelala kimshazari ndani ya unene, nyuzi 45 kutoka nje kwenda ndani.

Ukipata bomba au mtungi wa chuma laini uliopasuka kwa presha kupita kiasi, usiangalie mpasuko kwa mbali. Sogea, uuangalie ukingo wake kwa ubavu. Mara nyingi utakuta ukingo haukukatika wima kama wa bati lililokatwa kwa mkasi mzuri. Umelala, una mdomo wa mshazari, kama mtu aliyekata muwa kwa panga la haraka. Mshazari huo uko ndani ya unene, mahali ambapo hesabu ya bapani haikutazama kamwe. Kwamba mpasuko umefuata urefu wa tangi peke yake si ushahidi, kwa sababu mkazo wa mzingo ndio mkubwa na ungeupasua hivyo hata kwa maelezo mengine. Wa kutazamwa ni mdomo. Na usishangae ukikuta mwingine usio na mdomo: chuma kigumu chenye kukatika kama kioo, au ufa uliokua polepole kwa kuchoka, huacha uso ulionyooka, na hapo hadithi ni nyingine.

Pale ambapo cha bapani kinatosha

Ingekuwa rahisi kusema "tumia kilele halisi daima, tufunge mjadala." Nakubaliana nusu. Lakini inafaa kujua kwa nini watu wazima, wenye uzoefu, wanaitumia fomula ya bapani miaka na miaka na hakuna kinachowaharibikia. Sababu ni kwamba wengi wao kazi yao ni shafti.

Chukua shafti ya mashine ya kusaga nafaka. Mkanda unaipinda, mota inaisokota. Juu ya ngozi yake, tuseme, kuna mkazo wa MPa 60 kutokana na kupinda na MPa 40 wa kukata kutokana na kusokotwa. Upande wa mzingo hakuna kitu. Duara la Mohr lina kitovu kwenye 30 na nusu kipenyo 50, basi mikazo mikuu ni 80 na hasi 20. Sifuri ya ngozi huru iko katikati ya hasi 20 na 80. Haiwezi kuwa kubwa wala ndogo kuliko zote, kwa hiyo haiamui lolote. Kilele cha bapani ni 50 na kilele halisi ni 50.

Hili si bahati ya namba nilizochagua. Ukizidisha mikazo mikuu miwili ya bapani unapata `sx*sy - txy^2` daima. Kwenye shafti ya namna hii `sy` ni sifuri, basi jibu ni hasi, na namba mbili zenye zao hasi lazima moja iwe chanya na nyingine hasi. Ndiyo maana mtu wa shafti hajawahi kudanganywa, na ndiyo maana siku akiombwa kukagua tangi anakwenda na fomula yake ileile kwa moyo mweupe.

Kutokana na hapo unapata kipimo cha haraka ambacho unaweza kukifanya kichwani, alimradi uso uko huru na mkazo wa tatu ni sifuri. Linganisha `sx*sy` na `txy^2`. Cha pili kikiwa kikubwa, mikazo mikuu ina alama tofauti, na kilele cha bapani ndicho kilele halisi. Cha kwanza kikiwa kikubwa, alama zinafanana, na kilele halisi ni nusu ya mkazo mkuu ulio mkubwa kwa ukubwa, bila kujali alama.

Tuseme karibu na mguu wa tangi ukuta unavutwa 80 kwa mzingo na 50 kwa urefu, na uzito unauongezea 20 wa kukata. Themanini mara hamsini ni 4000, ishirini mara ishirini ni 400. Alama zinafanana, tahadhari. Mikazo mikuu inatoka 90 na 40, cha bapani ni 25, halisi ni 45. Wengi huona kuna mkazo wa kukata kwenye data yao wakadhani wamekwisha salimika, kwa kuwa "si mvuto mtupu". Mkazo mdogo wa kukata hautoshi kugeuza alama. Na kanuni hiyohiyo inahusu kubanwa pande zote mbili: hasi 30 na hasi 80 zinatoa cha bapani 25, lakini halisi ni 40, kutoka sifuri hadi hasi 80.

Tufe: pale ambapo cha bapani kinasema sifuri

Matangi ya tufe ya kuhifadhi gesi yana uzuri wake: ukuta unavutwa sawa kila upande, `p*r/(2*t)`. Kwa presha yetu ya MPa 1, nusu kipenyo 250 na ukuta wa milimita 4, kila upande ni MPa 31.3.

Weka kwenye fomula ya bapani. Tofauti ni sifuri, kilele ni sifuri. Duara la Mohr limekunjamana likawa nukta. Usalama, ukigawa 120 kwa sifuri, hauna kikomo, na unaweza kupandisha presha hadi utakapochoka. Mwanafunzi akiniletea jibu hili huwa simsahihishi mara moja. Namwuliza tu angependa kusimama umbali gani na tufe hilo.

Kilele halisi ni takriban MPa 16, kutoka hasi 1 ya ndani hadi 31.3. Nukta ile ya Mohr bado ni nukta kwa anayetazama kutoka juu, lakini ukiinua kiberiti maduara mengine mawili yanajitokeza, na yote mawili ni makubwa sawa. Kama unataka mfano mmoja wa kumwonyesha mtu asiyeamini, huu unatosha, kwa sababu kosa hapa halipimiki kwa mara mbili wala mara kumi.

Mkazo wa tatu usipokuwa sifuri

Kuna waliokwisha kujifunza somo la tangi wakaishia na kanuni mpya ya mkato: "alama zikifanana, chukua nusu ya mkubwa." Nayo ina mipaka yake, na inavunjika pale uso usipokuwa huru.

Silinda nene ya haidroliki, iliyofungwa mwisho, ina nusu kipenyo cha ndani milimita 40 na cha nje 60, na mafuta yana MPa 20. Kwa ukuta mnene kiasi hiki fomula za tangi jembamba hazifai, tunatumia za Lamé. Kwenye ngozi ya ndani mzingo unatoka 52, urefu 16, na kwenye unene ni hasi 20, presha ya mafuta yenyewe. Anayehesabu bapani anapata 18. Mwenye kanuni ya mkato anapata 26. Kilele halisi ni 36, kutoka hasi 20 hadi 52. Watu watatu, majibu matatu, na aliyeukaribia ukweli zaidi kati ya wawili wa kwanza bado amepungukiwa zaidi ya robo. Kwenye tangi la gereji hasi 1 ilikuwa ya kupuuzwa, hapa hasi 20 ni zaidi ya theluthi ya mzingo.

Mtego wa pili uko kwenye vitu virefu visivyoweza kurefuka wala kufupika, kama ukuta wa bwawa la maji au bomba lililozikwa na kushikwa. Hapo mkazo wa tatu haupo huru kuwa sifuri, unazaliwa wenyewe: ni uwiano wa Poisson mara jumla ya ile miwili. Mara nyingi unaangukia katikati ya wenzake na cha bapani kinabaki sahihi, jambo linalowapa watu usingizi mzuri. Lakini mikazo miwili ikikaribiana, mambo yanageuka. Ikiwa ni 100 na 90, na uwiano wa Poisson ni 0.3, wa tatu ni 57. Cha bapani ni 5, halisi ni 21.5.

Kwa hiyo mimi, nikiwa na mikazo yote sita ya nukta moja, sihangaiki na kanuni za mkato. Naiweka kwenye matriki, naacha kompyuta ipange:

```python
import numpy as np
S = np.array([[131.6,  0.0,  0.0],
              [  0.0, 65.8,  0.0],
              [  0.0,  0.0, -1.0]])
s = np.linalg.eigvalsh(S)      # ndogo kwanza, kubwa mwisho
print((s[-1] - s[0]) / 2)      # 66.3
```

Jambo la kuangalia ni safu ya tatu. Ukiandika matriki ya mbili kwa mbili, kompyuta itakupa kilele cha bapani bila kukukaripia.

Kwenye skrini

Programu kubwa za uchambuzi hazikosei hapa, zinapanga mikazo yote mitatu hata kwenye modeli ya bapa. Zinakukosesha kwa majina. Kwenye ANSYS Mechanical, `Maximum Shear Stress` ni nusu ya tofauti, na `Stress Intensity` ni tofauti nzima. Kwenye Abaqus, `Tresca` ni tofauti nzima. Namba ya nusu unailinganisha na 120 ya mfano wetu, namba nzima unailinganisha na 240. Ukichanganya, unapata kosa la mara mbili lilelile tulilokuwa tunalikimbia, safari hii kwa mlango wa nyuma. Lahajedwali la ofisini lililorithiwa kutoka kwa mtu aliyehama ndilo la kuogopwa zaidi. Fungua seli uone kama ina `s1-s2` au ina `MAX` na `MIN` zenye sifuri au hasi ya presha ndani yake.

Watu huniuliza kama si afadhali kuachana na Tresca na kutumia kigezo kingine cha kuvutika, cha von Mises. Kwa tangi letu lenye milimita 1.9, mkazo wa von Mises ukihesabiwa kwa mikazo yote mitatu ni 114.8, na usalama ni 2.1 badala ya 1.8. Vigezo hivi viwili havipitani zaidi ya asilimia 15 hivi, na Tresca ndiye mwoga. Chaguo kati yao ni la ladha na la kanuni unayofuata. Sehemu ya pili ya kanuni ya ASME ya matangi ya presha, kwa mfano, ilitumia Tresca kwa miongo kadhaa hadi toleo la mwaka 2007 lilipohamia von Mises. Lakini hakuna kati yao anayekupa 3.6. Von Mises ana faida moja ya kitabia: fomula yake inadai mikazo mitatu tangu mwanzo, kwa hiyo ni vigumu kuusahau mmoja. Tresca mwenyewe, ambaye mwaka 1864 alikuwa Paris akisukuma metali kwenye matundu aone zinavyotiririka, ana jina lake kati ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel. Kosa tunalolifanya kwa jina lake si lake.

Baba Mkubwa na tangi

Tulimweleza kwamba usalama ni 1.8, si 2.5. Akauliza, kama wauzaji wazuri wote, kama hatuwezi kuelewana. Akishusha presha?

Inawezekana kihesabu. Ili kilele halisi kisizidi 48 na ukuta ukiwa 1.9, presha isipite takriban baa 7.2. Akatikisa kichwa: matairi ya malori anayajaza baa 8 na zaidi, tangi la baa 7 atalifanyia nini. Kisha kijana akaongeza jambo ambalo daftari halikuwa nalo. Kipima unene kinasoma nukta ulipokigusisha, na kutu ya chini ya tangi haili sawasawa, inachimba vishimo. Tulisoma nukta kumi na mbili. Kati ya nukta na nukta hatujui, wala hatujahesabu maungio ya kulehemu, na kutu haijaambiwa isimame leo.

"Kwa hiyo ile 3.6 ya kijana?"

"Ile, Baba Mkubwa, ni ya upande mmoja wa kiberiti."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Aliondoa presha yote, akafungua koki ya chini, maji ya rangi ya chai yakatoka kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Wiki iliyofuata fundi wake alilikata tangi katikati kwa gesi, nusu ya juu akaitengenezea birika la kutafutia matundu kwenye matairi. Nusu ya chini aliniwekea nione. Niliweka kalipa ukingoni, mahali ambapo kijana hakuwa amegusisha kipima chake. Ilisoma milimita 1.4.